Kabichi Zilizooza Julai

Kampuni ya Lukwangule Mboga ilikuwa na ghala moja Mwembesongo, mjini Morogoro, lori moja aina ya Fuso lililokohoa kama mvuta tumbaku, na harufu. Wenye hisa wake walikuwa wakulima wa Nyandira, kule juu Mgeta. Ungewauliza ni mali gani ya kampuni waliyowahi kuifaidi wenyewe, wangekutajia harufu. Lori lilipita kwao likiwa limejaa na kurudi usiku likiwa tupu. Ghala lilikuwa mjini. Gawio la faida walilisikia kama watu wanavyosikia habari za theluji. Lakini harufu ya kabichi iliyooza, hiyo kila mtu aliyeshuka ghalani alipewa bure na kurudi nayo nyumbani kwenye khanga.

Angelina aliipokea saa nne asubuhi, mwezi wa tatu, mwaka 2007. Alikuwa ameitwa na mjomba wake, Severini, mkurugenzi wa kampuni. Mlangoni alikuta lundo la kabichi limekwisha kuwa uji. Maji ya kijani yalitiririka hadi kwenye ngazi, na nzi walikuwa wengi kiasi kwamba lundo lilionekana kama linapumua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Karibu. Umeona?" Severini alilinyooshea lundo kidole kwa namna mtu anavyomwonyesha mgeni kochi jipya. "Hiyo ndiyo faida yetu. Inavuja hapo."

"Mbona hamuitupi?"

"Itatupwa. Nilitaka kwanza wenye mali muione."

Angelina alitazama chini, akaona lundo limewekewa matofali pembeni lisisambae. Yaani uozo ulikuwa umejengewa ukuta. Aliinua khanga, akaruka ngazi, akaingia ofisini.

Ofisini alikuwamo Eustace, mhasibu wa kampuni, mtu wa mikono laini na soda ya tangawizi isiyokwisha. Severini alikaa, akachokonoa meno kwa kijiti, akakitazama kilichotoka, akakirudisha mdomoni.

"Angelina, nitasema kwa kifupi. Kampuni inakufa. Mwaka jana karibu theluthi ya mboga tulizonunua zimeoza. Mimi nimeamua kuwabebea mzigo. Nitanunua hisa zenu zote, kila mtu apate chochote kabla hatujakosa vyote. Zako kumi na mbili, alizokuachia marehemu dada yangu, nitakupa elfu ishirini na tano kwa kila moja."

Ukweli ni kwamba Angelina alitaka kuuza. Mdogo wake alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, na mti mmoja wa plamu nyuma ya nyumba haulipi ada. Lakini hisa zile mama yake alizinunua kwa shingo. Alibeba matenga ya karoti kichwani kwenye vile vijia vya Mgeta, mahali ambapo ukiteleza unafika nyumbani kabla ya mzigo wako. Mpaka anakufa alikuwa hawezi kugeuza kichwa kumtazama mtu bila kugeuka mwili mzima. Kuziuza sawa. Kuziuza kwa bei ya uongo, hapana.

"Hiyo elfu ishirini na tano imetoka wapi, mjomba?"

"Kwenye hesabu," alidakia Eustace, akisukuma karatasi. "Mali ya kampuni, toa madeni, gawa kwa hisa mia moja. Hesabu za darasa la nne hizo, dada."

Chini ya karatasi kulikuwa na muhuri wa duara wa rangi ya zambarau, mzuri, uliogongwa kwa nguvu. Nyandira nzima iliuheshimu muhuri ule. Kila mwaka katika mkutano mtu mmoja aliinyanyua karatasi juu, watu wakauona, wakaridhika, wakaenda kula.

"Kwa hiyo mkaguzi amezikagua?"

Severini na Eustace walitazamana, wakacheka kama watu wawili waliokula sahani moja.

"Mkaguzi wa nini tena?" Eustace alisema. "Sheria mpya ya makampuni inasamehe wadogo. Kampuni binafsi, mauzo madogo, mali ndogo, chini ya kikomo kilichowekwa. Sisi tumo. Mkaguzi wa nje ni gharama za wakubwa. Mimi nimewaokolea pesa."

Angelina alitoka nje na karatasi yake. Kwenye ngazi mguu uliteleza, ukazama kwenye ule uji hadi kwenye kifundo. Ulikuwa wa vuguvugu. Hilo ndilo lililomchefua zaidi, kwamba ulikuwa na joto kama kitu kilicho hai.

Hakurudi Mgeta. Aliosha mguu bombani, akaenda katikati ya mji kwa Rahel, mhasibu aliyesajiliwa mwenye ofisi juu ya duka la dawa karibu na soko kuu. Ni yeye ambaye masista wa misheni walimtumia kwa hesabu za zahanati yao, na masista hawadanganyiki kirahisi, hasa kwenye pesa.

Rahel alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Alivuta hewa mara moja mgeni alipoingia, akafungua dirisha, hakusema kitu. Alisoma karatasi hadi mwisho, pamoja na maandishi madogo ambayo Nyandira hakuna aliyewahi kujisumbua nayo.

"Huyu bwana hajakudanganya kuhusu sheria," alisema. "Kampuni ndogo kama yenu inaweza kusamehewa ukaguzi. Lakini ameacha nusu ya habari. Msamaha huo si amri. Wenye hisa wakiwa na sehemu ya kumi au zaidi wakadai ukaguzi kwa maandishi na kwa wakati, msamaha unakufa hapo hapo. Na hata ukiwepo, haumwondolei mkurugenzi wajibu wa kutunza hesabu za kweli. Benki mna mkopo?"

"Hapana."

"Mngekuwa nao, huenda benki ingeshadai. Haya, huu muhuri. Unafikiri unasema nini?"

"Kwamba hesabu ziko sawa."

"Soma hapa."

Angelina alisoma kwa sauti, polepole. Maneno yalisema kwamba hesabu zimeandaliwa kutokana na taarifa na maelezo ya mkurugenzi, na kwamba mwandaaji hakuzikagua wala kuzipitia, na hatoi uhakika wowote juu yake.

Alirudia mstari ule. Kisha akacheka kicheko kibaya, cha puani.

"Miaka yote tunapiga makofi."

"Mlikuwa mnampigia makofi fundi cherehani kwa kushona kitambaa alicholetewa," Rahel alisema. "Mamlaka ya Mapato inataka hesabu za kampuni ziwe zimeandaliwa na mhasibu aliyesajiliwa, basi ameandaa. Kosa si lake peke yake. Hamkusoma."

"Kwa hiyo nidai ukaguzi?"

"Unaweza. Hisa kumi na mbili zinakutosha. Ila ukaguzi kamili ni mrefu na ghali. Mkaguzi anahesabu mali, anawaandikia wateja wenu Dar wathibitishe, anafukua risiti. Kuna kitu cha katikati, mapitio huru. Mtu wa nje asiyehusika na kampuni anauliza maswali, analinganisha namba na namba, mwezi na mwezi, mwaka na mwaka, anatazama kama hadithi inashikamana. Hafukui kila kitu. Mwisho hasemi 'naapa ziko sawa.' Anasema tu kwamba hakuona kitu cha kumfanya aamini zimekosewa. Au anasema amekiona."

"Na hicho kinafaa kulipia?"

Rahel alivaa miwani. "Ingekuwa duka la mtu na mkewe, wote wawili wako kaunta, hawadaiwi, hawauzi, ningekwambia kalale. Pesa hiyo kanunue mbolea. Lakini ninyi wenye mali mko mlimani, anayeiendesha yuko bondeni, na sasa anataka kununua kwa bei anayoipanga mwenyewe kwa hesabu alizozisimulia mwenyewe. Usipolipia hapo, dada, utalipia wapi?"

"Si Eustace angeweza kufanya hayo mapitio?"

"Apitie alichokiandika mwenyewe? Huo ni mtihani wa kujisahihishia." Kisha akaongeza, "Lakini mimi siwezi kuingia ghalani kwenu kwa sababu wewe umechukia. Kampuni yenyewe lazima iniajiri, na mkurugenzi asaini barua ya kazi. Akikataa, rudi kwenye sehemu yako ya kumi, udai ukaguzi."

Mkutano wa wenye hisa ulifanyika ukumbi wa parokia Nyandira, siku ya gulio. Baridi ya mlima ilikuwa kali, watu wamejikunyata ndani ya makoti ya mitumba. Mzee Kasimiri, mwenye hisa nyingi baada ya Severini na Angelina, alikaa mbele na kikohozi chake. Shangazi Kristina, binamu wa baba yake Angelina, alikaa karibu na mlango wa jikoni, mahali pake pa siku zote.

Severini alieleza uozo kwa masikitiko makubwa. Alieleza hadi sauti ikakatika. Kisha akasema, "Mimi na ukoo wangu tumekubaliana. Hisa zangu arobaini na za marehemu dada yangu kumi na mbili zinasema tuuze. Hiyo ni zaidi ya nusu."

Watu waliitikia kwa vichwa. Ndiyo desturi ya Uluguru. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, yaani ukoo wa upande wa mama, na kwenye lukolo hilo mjomba ndiye mdomo. Ardhi anaisemea yeye. Mahari anapokea yeye. Kwamba mjomba azisemee na hisa lilikuwa jambo la kawaida kama kuvaa viatu kwenda kanisani.

Angelina alisimama.

"Shikamooni wazee. Mjomba, samahani. Shamba la lukolo ni la lukolo. Hisa zina jina. Mama alipofariki nilipita mahakamani, na bwana Eustace aliandika jina langu kwenye daftari la wanahisa kwa mkono wake. Bwana Eustace, ni uongo?"

Eustace alimeza soda vibaya. "Kisheria... ndiyo, ni za kwake."

Ukumbi ulivuta pumzi. Mtu nyuma alisema, "Haya sasa, mtoto kaota pembe."

"Sijakataa kuuza," Angelina aliendelea. "Nina shida kuliko wengi humu. Ninaomba tu mtu wa nje apitie hesabu kabla hatujauza. Mimi nitalipa gharama yake, nitauza mbuzi. Mkurugenzi asaini tu barua hii ya kazi."

Kasimiri alikohoa. "Unamshuku mjomba wako mbele ya watu? Mama yako angekuwepo..."

"Mama angekuwepo, mzee, angelazimika kugeuka mwili mzima akuone. Shingo aliiacha kwenye kampuni hii."

Shangazi Kristina alicheka peke yake, akaziba mdomo.

Severini hakukasirika. Hapo ndipo alipofanya kosa lake, na lilikuwa kosa la Nyandira nzima. Kwake yeye mhasibu alikuwa mtu anayekuja, anakunywa, anagonga muhuri, anaondoka. Muhuri wa pili ungefanya nini zaidi ya kuupendezesha ule wa kwanza? Tena kwa pesa za mbuzi wa mwingine! Alitabasamu hadi kijiti kikaonekana.

"Aje! Aje hata leo. Lete hiyo barua nisaini mbele ya wote. Andikeni kwenye muhtasari kwamba Severini hakukataa. Mtu msafi haogopi kuvuliwa shati."

Eustace alimvuta mkono wa koti. Severini akautoa mkono wake, akasaini kwa herufi kubwa.

Mbuzi aliuzwa. Rahel alishuka ghalani siku kadhaa, na Angelina hakuambiwa lolote, maana Rahel alisema matokeo ni ya wenye hisa wote siku ya mkutano, si ya mwanahisa mmoja jikoni kwake. Angelina alipanda vitunguu maji, akapalilia, akasubiri. Aliyemjulisha kwamba kuna kitu ni mjomba mwenyewe.

Alimjia Jumapili baada ya misa, kwa miguu, na kilo mbili za sukari. Mjomba kuleta sukari! Kwa desturi ni yeye anayeletewa.

"Mpwa wangu," alisema akiwa hajakaa. "Tuyaongee ya damu. Yule mama wako wa miwani anauliza maswali ya kipuuzi. Watu watachanganyikiwa. Mimi naona zako nizinunue leo, kwa sabini. Sabini elfu kila moja. Mdogo wako asome."

"Mjomba, zilikuwa ishirini na tano."

"Za wengine bado ni ishirini na tano. Wewe ni damu."

"Kwa hiyo kampuni haijafa? Au imekufa kwa wengine, kwangu imezimia tu?"

"Usiwe na mdomo kama wa baba yako. Chukua."

Alitoa bahasha, akaiweka juu ya sukari. Angelina aliitazama. Alifanya hesabu kichwani. Alishindwa kutoifanya, ilijifanya yenyewe: ada, godoro, sare, nauli. Ilitosha. Ilibaki hata ya bati. Na akahisi mkono wake umekwisha kusogea mezani, kidogo, kama mjusi. Aliuona mkono ule kama wa mtu mwingine, akachukizwa nao kuliko lundo la ghalani. Aliurudisha, akaukalia.

"Tuonane mkutanoni, mjomba."

Severini alichukua bahasha. Baada ya kufikiri, akachukua na sukari.

Siku ya mkutano wa pili Severini alichinja ng'ombe. Harufu ya pilau ilianza kuingia ukumbini kabla ya sala ya kufungua, na macho ya watu yalikuwa yamegawanyika, jicho moja kwa Rahel, jingine kwenye mlango wa jikoni.

Rahel alisimama na karatasi mbili tu.

"Sikufanya ukaguzi," alianza. "Sikuhesabu kabichi, sikuwaandikia wateja wenu. Nimeuliza na kulinganisha. Mambo mengi yanashikamana: mishahara, gharama za ghala, ununuzi. Nililokwama ni hasara ya mboga zilizooza. Ninyi wakulima niambieni, kabichi inaoza zaidi lini?"

"Masika!" ukumbi uliitika. "Barabara ikikatika!"

"Julai je?"

Watu walicheka. Julai Nyandira, kabichi unaiacha nje usiku kucha na asubuhi inakutazama ikiwa ngumu kama mawe. Tena Julai ni mavuno. Bei ya mkulima inashuka hadi unaona haya kuitaja.

"Katika hesabu hizi," Rahel alisema, "masika hasara ni ndogo. Kubwa ni ya Juni, Julai na Agosti. Miezi hiyo karibu nusu ya mlichoiuzia kampuni kimeoza."

Kicheko kilipungua kama moto uliomwagiwa maji, kwanza huku, halafu kule.

"Nilipoona hivyo ilinibidi niulize zaidi. Nikaangalia mafuta ya lori. Miezi ile ile ambayo mauzo ya Dar yameshuka, mafuta ya safari za Dar yamepanda. Nikamuuliza mkurugenzi lori lilibeba nini."

"Alisemaje?" aliuliza Angelina.

"Alisema lilikwenda kutupa."

"Dar?" mtu alipaza sauti. "Kabichi bovu linatoka Mwembesongo, linapita Mikese, linapita Chalinze, linakwenda kutupwa Dar? Lilikuwa linakwenda kuogelea?"

Ukumbi ulipasuka. Severini alicheka pia, kwa adabu.

"Kwa hiyo," Rahel alisubiri watulie, "siwezi kuwaandikia kwamba sikuona kitu. Nimeandika kwamba sikuona kosa, isipokuwa hilo. Hasara hiyo haina ushahidi, na ninaamini imezidishwa sana. Maana yake, faida yenu ni kubwa kuliko inavyoonyeshwa, na thamani ya hisa pia. Nani alichukua nini, mapitio hayasemi. Hiyo ni kazi ya ukaguzi kamili, au ya wengine."

Akakaa. Angelina alingoja. Aligeuka kuwatazama watu, wanaume waliolala na njaa mwezi Agosti, wanawake waliojaza lumbesa hadi mfuko ukawa na kichwa juu ya kichwa, wakaambiwa zimeoza. Alingoja kelele. Alikuwa hata amejiandaa kumkinga mjomba wake wasimpige.

Mzee Kasimiri alisimama, akajikohoza hadi akapata sauti.

"Severini," alisema kwa uchungu wa kweli, machozi yakimlengalenga. "Kumbe mambo yalikuwa mazuri hivi! Si ungetuambia wachache tu, sisi wakubwa, tukawa pamoja?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Hapakuwa na aliyechukizwa isipokuwa Angelina na yule mama wa miwani, aliyekuwa akiipangusa miwani ingawa ilikuwa safi.

Severini alinyanyuka haraka, kama mchezaji aliyepasiwa.

"Ndugu zangu, makosa ya uandishi hayakosekani. Mimi sitaki ugomvi na wazee wangu. Nitanunua hisa kwa arobaini. Pesa ninazo hapa, leo hii. Na hiyo karatasi ya dada Rahel tuihifadhi, isizunguke kwa watu wasiotuhusu. Tusaini, tule, tuagane kwa amani."

"Arobaini kutoka ishirini na tano!" Kasimiri aliwaambia wenzake, kama mtu aliyeishinda yeye. "Mnaona faida ya kuuliza?"

"Wazee, kwangu alitaja sabini!" Angelina alipaza sauti. "Nyumbani kwangu, Jumapili. Na hata hiyo sabini hamjui kama ndiyo yenyewe. Msisaini! Tudai ukaguzi wote, tujue thamani, halafu auzaye auze!"

Walimsikia. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuweza kuisahau baadaye, kwamba walimsikia vizuri. Mmoja alisema, "Ukaguzi unachukua miezi." Mwingine, "Na pilau je, ingoje miezi?" Foleni ilikwisha kupangwa. Eustace alifungua kidau cha wino wa dole gumba, na wazee wakaanza kuchovya. Kila aliyemaliza alijifuta kidole kwenye suruali, akaenda moja kwa moja jikoni.

Angelina alikwenda mezani mwisho, foleni ilipoisha. Alitoa barua yake, akaiweka mbele ya mjomba wake.

"Hii ni ya mwanahisa mwenye hisa kumi na mbili kwa mia. Nadai hesabu za mwaka huu zikaguliwe. Rudufu ninayo, na dada Rahel ameshuhudia nikikupa."

Severini aliisoma. Alimtazama Eustace.

"Anaweza?"

"Anaweza," Eustace alisema, mafuta ya nyama yakimng'aa kidevuni. Alikuwa amekwisha kuletewa sahani. "Hata ukiwa na zote zilizobaki. Kumi na mbili ni zaidi ya sehemu ya kumi."

Severini alikunja barua mara nne, taratibu, hadi ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Alipozungumza hakupaza sauti.

"Ukipata binti na akavunja ungo, nani atakaa kwenye kiti cha mjomba siku ya ngoma yake? Ukifa, nani atakuosha? Umefikiria hilo, au yule mama wa miwani naye anafanya hayo?"

Lilikuwa tishio la kweli. Nyandira hakuna linalouma zaidi.

"Nitaoshwa na nitakayemwamini kunivua nguo," Angelina alisema. "Wewe mjomba, barua usiipoteze. Mkaguzi ataiulizia."

Alitoka nje. Rahel alikuwa ametoka mara tu barua ilipopokewa, kuwahi gari la Morogoro. Uwanja wa parokia ulikuwa umejaa watu waliokaa chini kwa miduara, mikono kwenye sinia, vidole gumba vya rangi ya zambarau vikichota wali, wakipitishiana nyama, wakilamba wino pamoja na mafuta. Mzee Kasimiri alimpungia kwa mfupa.

"Njoo ule, binti! Mjomba wako ni mtu wa watu, usimchukie!"

Mtu alimpa sahani bila kumuuliza. Angelina aliishika, akahisi joto lake viganjani, vuguvugu kama ule uji wa ghalani. Alibaki amesimama nayo, hajui pa kuiweka.

Shangazi Kristina alijisogeza karibu, akiwa amefunga noti zake kwenye ncha ya khanga. Aliichungulia sahani, kisha akamchungulia usoni.

"Huli?"

"Sili, shangazi."

"Basi usiipoteze," alisema Kristina, na mkono wake ukawa umekwisha kuingia. "Nipe hiyo nyama."